Namba ya Mezani na Namba Yako

Uongozi uliponitaka nitoe hotuba ya dakika 20 katika siku ya afya kazini, kichwa chake kilikuwa kimeshachapwa kwenye ratiba: "Ijue Namba Yako ya Presha." Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kazini, na kwa miaka kadhaa nimeisimamia meza ya vipimo katika siku hiyo, kwa hiyo najua mambo yanavyokwenda. Watu hupanga foleni, kila mmoja huketi kwa muda usiotosha hata kushusha pumzi, hufungwa mkanda mkononi, hutajiwa namba mbili, kisha huondoka akiamini kwamba tangu saa hiyo anaijua presha yake. Wengine huondoka na hofu isiyo na msingi, na wengine huondoka na faraja isiyo na msingi. Hawa wa pili ndio wanaonikosesha usingizi. Ndiyo maana niliamua kwamba hotuba yangu isiishie katika kuwahimiza wenzangu wapite mezani, bali iwaeleze namba hiyo inatokeaje, ni kwa kiasi gani inaweza kuaminiwa, na ni nini kinachopaswa kufanywa baada ya kuipata. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyasema siku ile, pamoja na mengine ambayo dakika 20 hazikuyatosha.

Nilianza na namba zenyewe, kwa sababu watu wengi huzikariri bila kuelezwa maana yake. Moyo unapojikaza na kusukuma damu, msukumo huo huzigandamiza kuta za mishipa kwa nguvu fulani, na kilele cha nguvu hiyo ndicho namba ya juu. Moyo unapolegea ili ujae damu upya, mishipa haibaki tupu, kwa kuwa kuta zake zilizotanuka huendelea kuisukuma damu mbele, na kiwango cha chini kabisa kinachofikiwa kabla ya pigo linalofuata ndicho namba ya chini. Zote mbili huhesabiwa kwa milimita za zebaki, kipimo tulichorithi kutoka kwenye vyombo vya zamani vilivyokuwa na bomba la zebaki lililosimama wima. Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, alieleza kwamba mtu akiusikiliza mshipa wa mkono kwa stetoskopu huku mkanda ukilegezwa polepole, atasikia sauti za mapigo zikianza na baadaye zikitoweka, na kwamba mianzo na mikomo ya sauti hizo ndiyo inayozitoa namba mbili. Hadi leo muuguzi anayepima kwa masikio anafuata njia hiyo hiyo.

Mashine ya betri iliyo mezani haisikilizi sauti hizo. Inachokifanya ni kuuhisi mtikisiko mdogo ambao mapigo ya damu huutia katika hewa ya mkanda wakati mkanda unaponywea, kukitafuta kiwango ambacho mtikisiko huo ni mkubwa kuliko pengine pote, kisha kuzikokotoa namba ya juu na ya chini kwa kanuni iliyowekwa na mtengenezaji wake. Nililitilia mkazo jambo hili kwa sababu linafafanua mengi. Ukiukunja mkono, ukicheka, ukimwitikia mwenzako aliyeko kwenye foleni, mashine haiwezi kujua kwamba mtikisiko ule umetoka kwenye misuli yako na si kwenye damu. Huuchukua na kuuingiza katika hesabu. Na kwa mtu ambaye moyo wake hupiga bila mpangilio, mashine hizi huyumba, kwa hiyo huyo hupimwa mara kadhaa, na mara nyingi ni heri apimwe kwa masikio.

Baada ya hapo nilijipima mwenyewe mbele yao. Niliketi kwenye kiti kirefu kisicho na egemeo, miguu nikiwa nimeipishanisha, mkono ukining'inia ubavuni, nikaendelea kuzungumza huku mkanda ukijaa. Mashine ilionyesha 143 kwa 89. Kisha nikahamia kwenye kiti cha kawaida chenye egemeo, nikaweka nyayo zote mbili sakafuni, nikaulaza mkono juu ya meza ili mkanda uwe sawa na usawa wa moyo, na nikawaomba wote waliokuwemo ukumbini tukae kimya kwa dakika 5. Dakika 5 za ukimya katikati ya hotuba ni muda mrefu sana. Mwanzoni watu waliangaliana, wengine wakatazama saa, lakini kadiri dakika zilivyosonga niliona mabega yakishuka ukumbi mzima. Nilipopima tena nilipata 124 kwa 79, na baada ya dakika moja 122 kwa 78. Mtu ni yule yule, mashine ni ile ile, na dawa haikutumika. Nikawaambia kwamba iwapo nimesema lolote la maana siku hiyo, basi limo katika tofauti ya vipimo hivyo, na sehemu yote ya hotuba iliyobaki niliitumia kuieleza.

Sababu ya kwanza ni mkono wenyewe. Damu ni kimiminika chenye uzito, na uzito huo hufuata kanuni ile ile inayofanya bomba lililo chini ya tangi litoe maji kwa nguvu kuliko bomba lililo karibu na kimo cha tangi. Mkanda ukiwa chini ya usawa wa moyo kwa sentimita 10, namba hupanda kwa karibu 8, na ukiwa juu ya usawa huo kwa kiasi kile kile, hushuka kwa kiasi kile kile. Kuuweka mkono pajani, jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya bila kuambiwa, kunatosha kumvusha mpaka mtu aliye karibu nao. Pia si vema mtu auinue mkono na kuushikilia hewani kwa nguvu zake mwenyewe, maana misuli inayofanya kazi hupandisha presha. Mkono unapaswa kulala juu ya kitu na kulegea kabisa.

Sababu ya pili ni mkanda, na hapa ndipo meza nyingi za siku ya afya hukosea bila yeyote kutambua. Ndani ya mkanda mna mfuko wa hewa, na mfuko huo unatakiwa kuuzunguka mkono kwa sehemu kubwa ya mzingo wake, takribani robo tatu hadi mzingo wote. Mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene hulazimika kujazwa hewa kupita kiasi ndipo uweze kuubana mshipa, na ziada hiyo huandikwa kana kwamba ni presha ya mtu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu waliohitaji mkanda mkubwa kuliko yote, walipofungwa mkanda wa kawaida, namba yao ya juu ilipanda kwa karibu 20. Ishirini ni tofauti ya kumfanya mtu mzima wa afya aandikwe mgonjwa. Mkanda mkubwa kupita kiasi, kwa upande wake, huishusha namba, ingawa kosa hilo huwa dogo zaidi. Anayetaka kununua mashine ya nyumbani aanze kwa kuupima mzingo wa mkono wake wa juu kwa futi ya kitambaa, katikati ya bega na kiwiko, kisha aulinganishe na vipimo vilivyochapwa kwenye mkanda. Na mkanda ufungwe juu ya ngozi. Sitanii ninaposema kwamba nimeshaona mkanda ukifungwa juu ya koti.

Yaliyobaki nitayataja kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu anaweza kuyaepuka akishayajua. Kahawa, sigara na mazoezi ndani ya nusu saa kabla ya kipimo hupandisha namba, kibofu kilichojaa huipandisha pia, na vivyo hivyo miguu iliyopishanishwa na mazungumzo. Muuguzi anayemwuliza mtu habari za watoto wake wakati mkanda unajaa anakusudia wema, lakini anaiharibu namba.

Kuna mwenzetu mmoja wa idara ya uhasibu ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja jina. Katika siku ya afya iliyotangulia alipimwa mezani akapata 156 kwa 94, naye akaja zahanati akiwa ameshaamua moyoni kwamba amepatwa na ugonjwa uliomchukua mama yake. "Sista, na mimi imenifikia," aliniambia kabla hata hajaketi. Nilimwomba anieleze nusu saa iliyotangulia kipimo. Alikuwa amepanda ngazi kwa haraka kwa kuwa lifti ilikuwa imejaa, alikuwa amekunywa kahawa kikaoni, alikuwa akihitaji kwenda haja tangu kikao kianze, na mkanda ulifungwa juu ya sweta. Alipumzika katika chumba changu, akaenda haja, akavua sweta, tukangoja, na nikampima kwa mkanda wa kadiri ya mkono wake: 138 kwa 86, kisha 134 kwa 84. Namba hizo zilikuwa bora kuliko zile za mezani, lakini hazikunitosha kumwambia kwamba hana shida, kwa kuwa watu wengi hupanda wanapokuwa mbele ya mtu aliyevaa sare ya hospitali, hata kama ni mwenzao wa kazini. Nilimpa mashine ya kwenda nayo nyumbani kwa wiki moja, na wastani wake ukawa 127 kwa 80.

Wiki hiyo moja ndiyo ninayoiita kuijua namba. Presha hubadilika kwa kila pigo la moyo; huwa chini tunapolala, hupanda tunapoamka, hupanda tunapokasirika au tunapokimbilia usafiri, kwa hiyo kipimo kimoja kinatueleza dakika moja tu ya maisha ya mtu. Utaratibu unaopendekezwa na wataalamu wengi wa moyo ni rahisi: kwa siku 7 mfululizo, upime mara 2 asubuhi na mara 2 jioni, ukiacha dakika moja kati ya kipimo na kipimo. Kipimo cha asubuhi kifanyike baada ya kwenda haja, kabla ya kifungua kinywa, na kabla ya kumeza dawa za presha kwa anayezitumia. Cha jioni kifanyike kabla ya kulala, au kabla ya chakula ikiwa ndivyo ratiba inavyoruhusu, mradi saa isibadilike sana. Vipimo vya siku ya kwanza huachwa, kwa sababu siku hiyo mtu bado anaihofu mashine, na vilivyobaki, ambavyo ni 24, hujumlishwa na kutafutiwa wastani.

Wastani wa nyumbani una mpaka wake. Katika zahanati, miongozo mingi ya kimataifa huhesabu 140 kwa 90 na kuendelea kuwa presha ya juu, inapothibitishwa katika siku tofauti, ilhali kwa vipimo vya nyumbani mpaka huanzia 135 kwa 85, kwa kuwa nyumbani mtu ametulia zaidi. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2017 imeuteremsha mpaka hadi 130 kwa 80, na ndiyo sababu watu wawili wanaosoma tovuti mbili tofauti huweza kubishana na wote wakawa sahihi. Namba moja ikivuka mpaka, ya juu au ya chini, inatosha. Hakuna haja ya kusubiri zote mbili zivuke. Ninalihimiza hili kwa sababu kuna watu wanaoishi na 152 kwa 82 kwa miaka wakijifariji kwamba ya chini ni nzuri, na hali kwa watu wenye umri mkubwa ile ya juu ndiyo inayopanda zaidi, kwa kuwa mishipa mikubwa hukakamaa kadiri miaka inavyosonga.

Mtu niliyemfikiria zaidi wakati ninaandika hotuba hakuwa mhasibu yule. Alikuwa mwenzetu wa ghalani, mwanamume wa makamo, mwembamba, asiyevuta sigara, ambaye mezani alipata 128 kwa 80 na kupongezwa na waliomzunguka. Alikubali kuchukua mashine nyumbani kwa sababu moja tu: baba yake na kaka yake wote walikuwa wamepata kiharusi, nami nilimsihi. Siku ya kwanza wastani wake ulikuwa 149 kwa 94, tukauacha kama utaratibu unavyotaka. Kuanzia siku ya pili hadi ya saba, wastani wa kila asubuhi ulikuwa 144 kwa 91, 141 kwa 90, 146 kwa 92, 139 kwa 88, 143 kwa 90 na 145 kwa 91. Jioni zake zilikuwa 136 kwa 84, 138 kwa 86, 134 kwa 83, 137 kwa 85, 139 kwa 87 na 132 kwa 82. Ukizijumlisha asubuhi zote na kugawa kwa 6 unapata 143 kwa 90. Jioni zinatoa 136 kwa karibu 85. Na wastani wa wiki nzima ni takribani 140 kwa 87.

Tulikaa na karatasi yake tukaisoma pamoja, na ninapendekeza kila mtu aisome yake kwa namna hiyo hiyo, kwa sababu wastani peke yake huficha mambo. Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba hakuna asubuhi hata moja iliyokuwa chini ya mpaka, kwa hiyo hatukuweza kuisingizia siku moja mbaya. La pili ni kwamba asubuhi zilikuwa juu kuliko jioni siku zote, hali ambayo daktari hupenda kuijua, kwa kuwa inaweza kumfanya aulize habari za usingizi, za kukoroma, za pombe ya jioni, na, kwa mtu aliyekwisha kuanza dawa, kama dawa inamaliza nguvu zake kabla ya kucha. Nilimwuliza pia kuhusu dawa nyingine, naye akanieleza kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akimeza dawa za maumivu karibu kila siku kwa ajili ya mgongo. Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki huweza kupandisha presha kwa kuufanya mwili ubaki na chumvi na maji, na wagonjwa wengi hawazitaji wanapoulizwa wanatumia dawa gani, kwa kuwa walizinunua wenyewe na hawazihesabu kuwa dawa. Nilimpeleka kwa daktari akiwa na karatasi hiyo mkononi. Daktari alimbadilishia dawa za mgongo, akampima mkojo na damu ili kuona hali ya figo, akachukua picha ya umeme ya moyo, na wiki iliyofuatia ya vipimo vya nyumbani ikaonyesha kwamba namba zilishuka, ila hazikushuka vya kutosha, ndipo akaanzishiwa dawa ya presha.

Presha ya aina hii, inayojificha mbele ya muuguzi na kujitokeza nyumbani au kazini, si ya ajabu hata kidogo, na meza ya siku ya afya haiwezi kuigundua. Ndiyo maana sikubali mtu aliyepata namba nzuri mezani aambiwe aende zake. Mwenye wazazi au ndugu waliopata kiharusi, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo, mwanamke aliyewahi kupata presha katika ujauzito, na yeyote ambaye namba yake ya mezani imekaribia mpaka, wote hao wanahitaji wiki ile hata kama mashine imewasifu. Mjamzito yeye asingoje wiki: akiona 140 kwa 90 au zaidi awasiliane na wanaomhudumia siku hiyo hiyo, na mashine anayoitumia iwe imethibitishwa kwa wajawazito, kwa kuwa si zote zinazowafaa.

Nilipotoa nafasi ya maswali, swali la kwanza lilikuwa lile ninaloulizwa kila mwaka: "Lakini mimi kichwa hakiniumi wala sisikii chochote, nipime kwa nini?" Nilijibu kwa kisa kilichoandikwa wazi katika historia ya udaktari. Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alikuwa na presha ya 162 kwa 98 mwaka 1937, na 188 kwa 105 mwaka 1941, na katika miaka hiyo yote alikuwa akiendesha serikali, akihutubia na kusafiri. Machi 1944 daktari wa moyo alimkuta na 186 kwa 108, moyo ukiwa umetanuka na kuanza kushindwa. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa kinamuuma vikali, akapoteza fahamu, na saa chache baadaye akafariki kwa kuvuja damu katika ubongo. Enzi hizo madaktari walikuwa na njia chache sana za kuishusha presha, na wengine waliamini kwamba haifai kuguswa. Kwetu sisi dawa zipo na zimejaribiwa kwa miongo mingi. Kinachokosekana mara nyingi ni namba: katika makadirio yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, kati ya watu wazima wapatao bilioni 1.28 wenye presha ya juu duniani, asilimia 46 hawakujua kwamba wanayo. Kuta za mishipa hazina namna ya kumwambia mwenyewe kwamba zinagandamizwa kupita kiasi, na kwa hiyo kuumwa kichwa hakuwezi kuwa kipimo chetu.

Swali la pili lilitoka kwa mtu aliyekwisha kununua mashine, naye alitaka kujua kwa nini namba zake hazieleweki. Nilimwuliza anapima lini. Alisema hupima anapojisikia vibaya, na ikitoka kubwa hurudia mpaka itoke nzuri, kisha huiandika hiyo. Hayo ni makosa mawili yanayovutana: kupima wakati wa kujisikia vibaya tu kunakusanya dakika mbaya, na kuandika kipimo kilichopendeza tu kunazifuta. Kipimo cha kwanza cha kila kikao kwa kawaida huwa juu kidogo kuliko cha pili, na hilo halina tatizo, mradi vyote viwili viandikwe kama vilivyotoka. Namba pia zisifupishwe. Ninapopokea karatasi ambayo kila namba inaishia na sifuri, 130 kwa 80, 140 kwa 90, 130 kwa 80, najua mwandishi amekuwa akizisogeza, na sogeo la 4 au 5 laweza kumtoa mtu kwenye matibabu anayoyahitaji. Pale mashine inapotumiwa na mume na mke, kumbukumbu yake isitegemewe kabisa, ila kama ina nafasi ya watu wawili na wote wawili hukumbuka kuibadilisha; daftari ni salama zaidi. Kuhusu mashine za kufungwa kwenye kifundo cha mkono, ushauri wangu ni kwamba zile za mkono wa juu ndizo za kuchagua, maana kifundo husogea juu na chini kwa urahisi na kosa la kimo nililolieleza hukua. Mara ya kwanza mtu apimwe mikono yote miwili, na ikiwa mmoja unazidi mwenzake kwa zaidi ya 10 mara kwa mara, huo ulio juu ndio utumike siku zote, na daktari aelezwe.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikutaka lipotee katika mazungumzo ya wastani na wiki. Mtu akipata 180 kwa 120 au zaidi, na papo hapo ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi, upande mmoja wa mwili umelegea, maneno hayatoki sawasawa, haoni vizuri, amechanganyikiwa au kichwa kinamuuma kuliko alivyowahi kuumwa, asipoteze muda kurudia kipimo wala kutafuta daftari. Apelekwe kwenye huduma ya dharura mara moja. Akiwa na namba hiyo bila dalili yoyote, akae atulie dakika kadhaa kwa utaratibu ule ule, arudie, na ikibaki hapo aonwe na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Asimeze dawa za jirani wala asiongeze dozi yake mwenyewe ili ishuke upesi, kwa sababu kuishusha ghafla kunaweza kuunyima ubongo damu ya kutosha. Na aliye kwenye dawa ambaye wiki yake imetoka nzuri asiziache kwa sababu hiyo, kwa kuwa namba hizo nzuri ni namba za mtu aliyemeza dawa.

Baada ya hotuba niliiondoa meza ya vipimo ukumbini na kuihamishia katika chumba cha mikutano kilicho mwishoni mwa ukumbi, mlango ukifungwa. Niliweka viti sita vyenye egemeo vya watu kusubiria kwa dakika 5 bila simu wala mazungumzo, mikanda ya ukubwa wa aina tatu, na futi ya kupimia mkono. Idadi ya waliopimwa ilipungua, na nilimweleza mkuu wa idara ya wafanyakazi mapema kwamba ingepungua, kwa sababu mtu mmoja sasa anachukua dakika kumi badala ya mbili. Kwa kila aliyepimwa nilitoa karatasi yenye safu za siku 7, asubuhi na jioni, na zahanati imenunua mashine kadhaa zilizothibitishwa ambazo huazimwa kwa wiki moja kwa sahihi, kama vitabu vya maktaba. Juu ya karatasi nimeacha nafasi ndogo ya kuandika namba ya mezani, na chini yake nafasi pana ya kuandika wastani wa wiki. Karatasi hupelekwa kwa daktari ikiwa na vipimo vyote, pamoja na vile vya siku ya kwanza, maana daktari huweza kuona ndani yake jambo ambalo mimi na mwenye karatasi hatukuliona.